Mapigo 52 na mapigo 84 kwa dakika: Kwa nini wote wawili wanaweza kuwa wazima

Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ndiyo namba inayofundishwa vyuoni na kutumika hospitalini, na ndiyo inayotokea mtu akitafuta kwenye simu.

Shida inaanza pale mtu anapojipima na kukuta namba isiyofanana na ya mwenzake. Mkulima wa vilima vya Tarime anakuta 52, anaogopa moyo wake umechoka. Mama mwenye duka mjini Mugumu, wilayani Serengeti, anakuta 84, anaogopa ana presha. Kumbe wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui. Mkulima huyo huyo akikuta 80 siku fulani, namba hiyo iko katikati ya kiwango cha kawaida, lakini kwake inaweza kuwa ishara ya homa kali. Kwa hiyo kujua 60 hadi 100 peke yake hakutoshi. Kinachosaidia ni kujua namba hiyo inatoka wapi, na namba ya kila mtu mwenyewe ni ipi.

Kazi ya moyo kwa hesabu ndogo

Mwili uliotulia unahitaji takriban lita 5 za damu kila dakika. Kiasi hiki hubadilika kidogo kulingana na ukubwa wa mwili, lakini lita 5 ni makadirio mazuri kwa mtu mzima wa kawaida.

Moyo unaweza kufikisha lita hizo kwa njia mbili: kupiga mara nyingi na kusukuma damu kidogo kila pigo, au kupiga mara chache na kusukuma damu nyingi kila pigo.

Tuchukue mfano wa wale wawili. Moyo wa mama wa dukani unasukuma mililita 60 kwa pigo moja. Mara 84, anapata mililita 5,040, yaani lita 5 na kidogo. Moyo wa mkulima una nafasi kubwa zaidi ndani na misuli imara, unasukuma mililita 97 kwa pigo. Mara 52, anapata mililita 5,044.

Hesabu zinakaribia kulingana. Ni kama watu wawili wanaojaza pipa moja, mmoja kwa ndoo kubwa, mwingine kwa ndoo ndogo. Mwenye ndoo ndogo anakwenda kisimani mara nyingi zaidi, lakini pipa linajaa kwa muda ule ule. Mama hana tatizo la moyo, na mkulima hana moyo uliochoka.

Nani anaamua kasi

Moyo una kituo chake chenyewe cha umeme, kikundi kidogo cha seli kilichopo juu ya chumba cha kulia. Kila kikitoa cheche, moyo unapiga.

Kikiachwa peke yake bila amri yoyote kutoka kwenye ubongo, kituo hiki kwa kijana hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Jambo hili linaonekana wazi kwa watu waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda kwenye moyo hukatwa wakati wa upasuaji, na mara nyingi moyo mpya hupiga kati ya 90 na 110 hata mtu akiwa amelala.

Sasa, kama kasi ya asili ni 100, kwa nini wengi wana 60 au 70? Ni kwa sababu kuna breki. Mshipa mmoja mrefu wa fahamu, uitwao vagasi, unatoka kwenye ubongo, unapita shingoni na kufika kwenye moyo. Mtu akiwa ametulia, vagasi inashika breki muda wote. Akishtuka, akipandwa na hasira au akianza kupanda mlima, breki inaachiwa kwanza, kisha mishipa mingine ya fahamu inakanyaga mafuta, na homoni ya adrenalini inaongeza nguvu.

Kwa hiyo namba ya mtu aliyetulia ni matokeo ya mambo mawili: ukubwa wa kila pigo, na nguvu ya breki. Tofauti nyingi kati ya watu wazima wenye afya zinatoka hapo.

Kazi za mwili zinashusha namba

Sababu inayojulikana zaidi ni mazoezi. Mwanariadha wa mbio ndefu anaweza kuwa na mapigo 40 na kitu akiwa amepumzika, na daktari asishangae. Baada ya miezi na miaka ya kukimbia, chumba cha kushoto cha moyo kinatanuka, damu inayosukumwa kwa pigo moja inaongezeka, na kituo cha umeme chenyewe kinapunguza kasi.

Lakini si lazima mtu awe mwanariadha. Kule bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwafunga Wahadzabe mikanda ya kupima mapigo ya moyo wakiwa kwenye shughuli zao za kila siku. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba watu wazima walikuwa na wastani wa dakika 135 kwa siku za shughuli zinazoupandisha moyo kiasi cha kutosha. Hawakuwa uwanjani. Walikuwa wanatembea, wanachimba mizizi na kutafuta asali. Shinikizo la damu lao lilikuwa zuri.

Mtu wa milima ya Tarime anayelima kahawa kwenye mteremko, anayeteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo, anafanya mazoezi ambayo hayaiti mazoezi. Mapigo 50 na kitu kwa mtu kama huyo, ambaye hasikii kizunguzungu na ana nguvu za kazi, si ugonjwa. Dereva wa bodaboda wa mji huo huo anaweza kuchoka kuliko huyo mkulima ikifika jioni, lakini moyo wake haujapata kazi ile ile, kwa kuwa injini ndiyo iliyopanda mlima.

Mambo mengine yanayotofautisha watu wazima

Jinsia ni mojawapo. Kwa wastani, mapigo ya wanawake yako juu ya wanaume kwa mapigo machache. Sababu kubwa ni kwamba moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo zaidi, hivyo ndoo yake ni ndogo.

Ujauzito unaongeza zaidi. Damu mwilini inaongezeka ili kumlisha mtoto, na mapigo hupanda kwa 10 hadi 20 juu ya namba ya mama kabla hajabeba mimba. Mama aliyekuwa na 76 akifika 90 miezi ya mwisho, mara nyingi ni mwili unafanya kazi yake. Lakini upungufu wa damu nao unapandisha mapigo, na ni tatizo la kawaida kwa wajawazito, ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu kliniki hakirukwi.

Mwinuko una mchango mdogo. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, mji wa Tarime uko kwenye nyanda za juu. Juu huko hewa ina oksijeni pungufu kidogo, na mgeni anayetoka pwani anaweza kuona mapigo yake yamepanda kidogo siku za mwanzo, hasa akipanda vilima. Wenyeji wamezoea. Tofauti hii ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya mtu anayepanda Kilimanjaro.

Halafu kuna vitu ambavyo mtu anaingiza mwilini. Sigara, bangi na mirungi vinapandisha mapigo. Dawa ya kuvuta ya pumu aina ya salbutamoli inapandisha kwa muda. Kwa upande mwingine, baadhi ya dawa za presha na moyo, kama atenololi na propranololi, zinashusha. Mzee anayemeza atenololi akikuta 56, namba hiyo ni ya dawa na moyo wake kwa pamoja.

Umri, kinyume na wengi wanavyodhani, haubadilishi sana mapigo ya mtu mzima aliyetulia. Kinachoshuka kadiri miaka inavyokwenda ni kasi ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia mtu akikimbia.

Tofauti ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa Marekani uliotumia kumbukumbu za saa za mkononi za watu wazima 92,457. Wastani wa kundi zima ulikuwa takriban mapigo 65. Lakini wastani wa mtu mmoja mmoja ulianzia 40 hadi 109. Yaani kutoka wa chini kabisa hadi wa juu kabisa kulikuwa na tofauti ya karibu mapigo 70.

Jambo la pili lilikuwa na maana zaidi: namba ya mtu mwenyewe haikuyumba sana. Kwa wengi, wiki hadi wiki ilikuwa pale pale au ilisogea kidogo. Watu wanatofautiana sana wao kwa wao, lakini kila mmoja anafanana sana na nafsi yake ya jana.

Kwa hiyo 60 hadi 100 ni mipaka iliyowekwa kwa namba za mviringo ili wahudumu wa afya wawe na pa kuanzia. Watu wazima wengi wenye afya wako kwenye 50 na kitu. Na mtu ambaye kila siku yuko 97 yuko ndani ya mipaka, lakini daktari anaweza kutaka kujua kwa nini, maana kwenye tafiti kubwa makundi yenye mapigo ya juu zaidi wakiwa wametulia huonekana kupata magonjwa ya moyo zaidi kuliko yenye mapigo ya chini.

Siku 80 inapokuwa dalili

Turudi kwa mkulima mwenye 52. Tuseme siku moja anaamka na baridi, kichwa kinauma, viungo vimelegea. Joto lake kwa kawaida ni nyuzi 36.7. Leo kipimajoto kinasoma 39.5. Limepanda kwa karibu nyuzi 3.

Kanuni ya zamani ya madaktari inasema kila nyuzi moja ya joto inayopanda, mapigo hupanda kwa takriban 10. Kwa hiyo mkulima huyu anatarajiwa kupanda kwa karibu 28. Akipima, anakuta 80.

Sasa mhudumu asiyemjua akiangalia 80 peke yake anaweza kuona mapigo mazuri tu. Mama wa dukani akipata homa ile ile angetoka 84 hadi karibu 112, angevuka 100, na kila mtu angeshtuka. Mkulima hashtuki yeye wala anayempima, kwa sababu namba yake imefichwa na uzima wake wa siku zote.

Mkoa wa Mara ni eneo la malaria, hasa maeneo ya chini kuelekea ziwa na baada ya mvua. Mtu anayejua kwamba yeye ni wa 52 anaweza kumwambia mhudumu: "Kawaida yangu ni 52, leo ni 80." Sentensi hiyo ni taarifa kamili. Haithibitishi malaria, kwani mapigo hayawezi kusema ni ugonjwa gani. Kinachothibitisha ni kipimo cha haraka cha damu au hadubini. Lakini inasema kuna kitu kimebadilika.

Kanuni hii ina mipaka yake. Kwenye homa ya matumbo, mapigo wakati mwingine hayapandi kama joto linavyopanda. Mtu mwenye nyuzi 39.5 na mapigo 70 asirudi nyumbani eti moyo umetulia. Vilevile anayetumia dawa zinazoshusha mapigo anaweza kuwa na homa kali au hata kupoteza damu, na namba isipande inavyotakiwa.

Jinsi ya kuipata namba yako

Namba nyingi zinazowatisha watu zinatokana na kupima vibaya. Mtu ametoka kupanda ngazi, amekunywa chai ya moto, amegombana na mtu kwenye simu, kisha anakaa na kupima hapo hapo. Hiyo si namba ya kupumzika.

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya kutoka kitandani na kabla ya chai au sigara. Kama ni mchana, anayepima akae kwenye kiti dakika 5 hadi 10 bila kuongea.

Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinawekwa kwenye kifundo cha mkono upande wa kiganja, chini ya shina la dole gumba. Vinabonyezwa taratibu mpaka pigo lisikike. Dole gumba lenyewe halitumiki kupimia, kwa sababu lina mshipa wake wenye pigo na mtu anaweza kujikuta anahesabu lake.

Saa ya kuhesabia iliyomo kwenye simu inatosha. Hesabu iwe ya sekunde 60 kamili. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, lakini hapo kosa la pigo moja linageuka kosa la mapigo 4. Wakati wa kuhesabu, mtu anaweza kusikia mapigo yanaharakisha kidogo akivuta pumzi na kupungua akitoa. Hilo ni la kawaida, hasa kwa vijana.

Ifanyike hivyo kwa siku 7, na namba ziandikwe kwenye simu. Mfano: 58, 61, 59, 60, 73, 60, 59. Ile 73 inaonekana imekaa peke yake. Labda usiku ule hakulala, au alikunywa pombe. Ikiondolewa, sita zilizobaki zinajumlika kuwa 357, na wastani wake ni kama 60. Hiyo ndiyo namba ya mtu huyu akiwa mzima.

Saa janja na programu za simu zinazotumia kamera na taa zinafanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya mwanga. Kila pigo likipita, damu kwenye ngozi inaongezeka na kiasi cha mwanga unaorudi kinabadilika. Mkanda ukiwa umelegea, kidole kikiwa cha baridi au mkono ukitikisika, mashine inakosea. Ikionyesha namba ya ajabu, kama 38 au 140 kwa mtu aliyekaa vizuri, ihesabiwe tena kwa vidole kabla ya kupaniki.

Mapigo si presha

Hili linachanganywa sana. Kipimo cha presha cha mkanda wa mkononi kinaonyesha namba tatu. Mbili za juu ni shinikizo la damu, ya tatu ni mapigo. Mtu anaweza kuwa na mapigo 62 mazuri kabisa huku presha yake ikiwa 170 kwa 100, na asisikie chochote. Mama wa dukani mwenye 84 hawezi kujua kama ana presha mpaka apimwe presha.

Lini uende kituo cha afya

Mapigo yanayobaki juu ya 100 mtu akiwa ametulia, siku baada ya siku, yanahitaji kuchunguzwa hata kama hana maumivu. Mara nyingi chanzo si moyo wenyewe. Kinaweza kuwa upungufu wa damu, maambukizi, kuishiwa maji, tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, au wasiwasi wa muda mrefu.

Mapigo chini ya 50 kwa mtu asiyefanya kazi ngumu wala mazoezi, yakiambatana na kizunguzungu, kuishiwa nguvu au kuzimia, nayo yanahitaji daktari. Huenda kituo cha umeme cha moyo au njia za umeme zina hitilafu, na kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuonyesha.

Mapigo yasiyo na mpangilio, yanayokwenda ovyo ovyo muda wote bila kufuata pumzi, yasipuuzwe hata kama idadi yake ni 70. Hapo tatizo ni mdundo wenyewe.

Na mapigo ya aina yoyote yakija pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa au kutokwa na damu nyingi, ni dharura. Asubiri kuhesabu mara ya pili akiwa tayari njiani kwenda hospitali.